Nundu Juu ya Bega: Nani wa Kupasuliwa?

Pikipiki inateleza kwenye kokoto, dereva anarushwa upande wa kulia, na kinachotangulia kugusa lami ni ncha ya bega lenyewe, mkono ukiwa umebana mbavu. Anayeanguka huku amenyoosha mkono kujikinga kwa kawaida huvunjika mkono karibu na kiganja, huumia kiwiko, au huchomoka bega. Huyu wa kuangukia ncha ya bega huumiza kiungo kingine, kidogo, ambacho wengi hawajui kama wanacho mpaka siku wanayokiumiza: pale mwisho wa mtulinga unapokutana na mfupa wa bega. Wachezaji wa raga, waendesha baiskeli, mabondia wa mieleka, makipa na madereva wa bodaboda ndio wateja wake wakubwa, na wengi wao ni wanaume vijana.

Tumchukue dereva huyo awe mfano wetu. Tuseme ana miaka 32, ni fundi umeme wa majumbani, na Jumapili hudaka kwenye timu ya mtaa. Anaingia zahanati ameshika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto. Juu ya bega kumetokeza nundu. Anayempokea anasema bega limechomoka, na mwenzake anajitolea kuuvuta mkono ili lirudi.

Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Bega lililochomoka kweli hupoteza umbo lake la duara. Ubavuni pake, chini tu ya ncha, panabonyea kana kwamba kumetolewa kitu, na mkono hukataa kabisa kuzungushwa. Bega la fundi wetu bado ni duara. Nundu yake iko juu, mwishoni mwa mtulinga, na ukimshikia kiwiko vizuri unaweza kuuzungusha mkono wake taratibu ingawa anakunja uso. Kiungo kikubwa cha bega kiko mahali pake, kwa hiyo hakuna cha kuvutwa. Mkono ukivutwa kwenda chini, kano zilizobaki zima ndizo zitakazonyooshwa.

Ili kuelewa nundu hiyo ni nini, fuata mtulinga wako kwa kidole kuanzia kifuani kwenda nje. Karibu upana wa vidole viwili kabla ya kufika ukingo wa bega utahisi kijongo kidogo au mfereji. Hapo ndipo mtulinga unapokutana na akromio, ile sehemu ya kombe la bega inayofunika bega kwa juu kama paa. Kiungo hiki kimeshikiliwa na kano za aina mbili. Za kwanza ni fupi, zimekizunguka chenyewe, na kazi yake kubwa ni kuuzuia mtulinga usiteleze kwenda mbele na nyuma. Za pili ni mbili, nene zaidi, ziitwazo konoidi na trapezoidi. Hizo zinashuka kutoka upande wa chini wa mtulinga hadi kwenye korakoidi, kijipembe cha mfupa kinachochomoza mbele ya kombe la bega. Ndizo zinazobeba uzito.

Mtu aliyewahi kubeba mzigo kwa mzega ataelewa mara moja. Mtulinga ndio mti wa mzega, kombe la bega pamoja na mkono mzima ni mzigo unaoning'inia mwishoni mwake, na konoidi na trapezoidi ndizo kamba. Kamba zikikatika, mti haujaruka popote; mzigo ndio ulioanguka. Kwa fundi wetu, macho yanaona mfupa uliopanda, lakini kilichotokea hasa ni kwamba bega lake zima limeshuka na kusogea ndani kidogo, likauacha mwisho wa mtulinga umebaki juu.

Jambo hili si la vitabuni tu, kwa sababu matibabu mengi mabaya yametokana na kutolijua. Kuna wanaopeleka nundu ikachuliwe kwa mafuta, wengine wanaifunga kwa bandeji iliyokazwa ili irudi chini. Hata hospitalini, miaka ya nyuma, wagonjwa walivalishwa mikanda iliyokandamiza mtulinga kutoka juu huku ikisukuma kiwiko kutoka chini, wakakaa nayo wiki sita. Wengi walipata vidonda juu ya nundu, na mkanda ulipotolewa, bega lilishuka tena. Ndiyo maana leo mgonjwa anapewa slingi ya kawaida, kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, kwa ajili ya kupunguza maumivu tu. Hakuna anayetarajia kwamba slingi itaondoa nundu.

Daktari anayejua kazi yake atamvua fundi huyu shati, atamsimamisha, na kumtaka aachie mkono uning'inie dakika moja ili mabega yote mawili yaonekane. Atabonyeza kwenye kiungo chenyewe, kisha mtulinga wote hadi unapokutana na kifua, kisha mbavu, maana aliyeanguka kwa kishindo hicho anaweza kuwa amevunja mbavu na hata kutoboa pafu. Atauliza kuhusu ganzi ya vidole na kupapasa mapigo ya mkono. Halafu atafanya vipimo viwili vidogo ninavyovipenda kwa sababu havihitaji mashine yoyote. Cha kwanza ni kumsukumia kiwiko juu huku akibonyeza nundu chini: nundu ikizama kisha ikaibuka tena inapoachiwa, kano zimekatika. Cha pili ni kumwambia apandishe mabega yote mawili kama mtu anayesema "mimi sijui." Nundu ikipotea anapofanya hivyo, utando wa misuli unaofunika pale bado uko. Ikibaki vilevile, yawezekana mwisho wa mtulinga umetoboa utando huo na kunasa juu yake, na hilo ni jeraha la daraja la juu zaidi.

Baada ya hapo ndipo picha. Eksirei ya kawaida ya bega mara nyingi huonyesha kiungo hiki kikiwa cheusi mno, kwa sababu kipimo cha mionzi kimepangwa kwa ajili ya sehemu nene za bega. Mpigapicha anayeelekezwa vizuri hupunguza nguvu ya mionzi karibu nusu na kuinamisha mashine nyuzi 10 hadi 15 kuelekea juu. Picha hiyo huitwa ya Zanca, kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1971. Mabega yote mawili yapigwe, kwa sababu kipimo hakina maana bila bega zima la kulinganisha. Na ipigwe picha nyingine inayopita kwapani, ambayo wengi huisahau. Picha ya mbele haiwezi kumwonyesha daktari mtulinga uliorudi nyuma. Zamani mgonjwa alining'inizwa uzito mikononi wakati wa kupigwa picha. Ilimuumiza bila kubadilisha uamuzi, na vituo vingi vimeacha.

Kinachopimwa ni nafasi kati ya mtulinga na korakoidi, pale kamba za mzega zilipo. Kwa watu wengi wazima nafasi hiyo ni milimita 11 hadi 13. Tuseme bega zima la fundi wetu lina milimita 12 na lililoumia lina 21. Tofauti ni milimita 9, yaani nafasi imepanuka kwa asilimia 75.

Madaktari hutumia madaraja sita yaliyopangwa na Rockwood mwaka 1984, akiwa ameyapanua yale matatu yaliyokuwapo tangu miaka ya 1960. Katika daraja la kwanza kano fupi zimenyooka lakini hazijakatika, na picha ni safi. Daraja la pili, kano fupi zimekatika na zile nene zimevutika tu, hivyo nafasi imepanuka chini ya robo. Daraja la tatu, zote zimekatika, na nafasi imepanuka kati ya robo na asilimia 100. Daraja la tano ni hilohilo la tatu lililozidi: utando wa misuli umechanika pia na nafasi imeongezeka zaidi ya mara moja, pengine hadi mara tatu. La nne ni lile la mtulinga uliorudi nyuma na kuzama ndani ya msuli wa trapezi, na la sita, ambalo madaktari wengi wa mifupa hustaafu bila kuliona, ni la mtulinga uliosukumwa chini ya korakoidi.

Fundi wetu basi ni wa daraja la tatu. Lakini namba hiyo isichukuliwe kuwa imechongwa kwenye jiwe. Siku ya kwanza mtu mwenye maumivu hukaza misuli ya shingo na bega, na akishikilia kiwiko wakati wa picha, nafasi hupungua. Apigwe tena baada ya wiki, amelegea, inaweza kusomeka nyingine. Tena madaktari wawili wakipewa picha ileile mara nyingi hawakubaliani kama ni la tatu au la tano. Ukiona uamuzi wa kupasuliwa unategemea milimita mbili tatu za picha moja ya siku ya ajali, una haki ya kuuliza maswali.

Kwa madaraja ya pembeni hakuna ubishi mkubwa. La kwanza na la pili halipasuliwi: slingi ya siku chache hadi wiki mbili, dawa ya maumivu, barafu, kisha mazoezi. Wengi hurudi kazini ndani ya wiki mbili hadi nne. Nasema wengi, kwa sababu kuna tabia ya kumwambia mgonjwa wa daraja la pili kwamba hana kitu. Utafiti mmoja wa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 33 wa madaraja haya mawili, na 9 kati yao waliishia kufanyiwa upasuaji ndani ya miaka kama miwili kwa sababu ya maumivu yasiyokwisha. Kundi lilikuwa dogo, lakini linatosha kumfanya daktari ampangie mgonjwa wake siku ya kurudi. Upande wa pili, daraja la nne na la sita kwa kawaida hupelekwa chumba cha upasuaji, sawa na jeraha lililopasua ngozi, au nundu iliyoitanua ngozi mpaka imegeuka nyeupe, au jeraha lililogusa mishipa ya fahamu na ya damu.

Ubishi wote uko katikati, kwenye la tatu na la tano, na fundi wetu yuko hapohapo. Anaitazama nundu yake na kuuliza swali ambalo kila mgonjwa huuliza: "Daktari, kama kano zimekatika, si mzishone?" Ni swali la haki, na kwa miongo mingi madaktari wa upasuaji walilijibu kwa kushona. Kilichowazuia ni majaribio ya kupiga kura, ambapo wagonjwa wanaofanana hugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wapasuliwe na nusu wapewe slingi.

Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 1989 liligawa wagonjwa 60. Waliopewa slingi walirudisha mwendo wa bega mapema zaidi na kurudi kazini na michezoni mapema kuliko waliopigwa skrubu. Kasoro moja ilijitokeza: wale ambao mfupa ulikuwa umehama sentimita mbili au zaidi walionekana kunufaika na upasuaji, na hapo ndipo hoja ya kulipasua daraja la tano ilipopata nguvu. Mwaka 2015 madaktari wa Kanada wakatoa matokeo ya wagonjwa 83 wa daraja la tatu, la nne na la tano. Nusu yao waliwekewa bamba lenye ndoano, chuma kinachofungwa juu ya mtulinga na ndoano yake kupita chini ya akromio. Wiki ya sita na mwezi wa tatu, waliopewa slingi walikuwa wakiutumia mkono vizuri zaidi. Kuanzia mwezi wa sita hadi mwaka wa pili hapakuwa na tofauti. Picha za waliopasuliwa zilikuwa nzuri zaidi, mfupa umekaa mahali pake; ila mikono yao haikufanya kazi vizuri kuwashinda wenzao.

Mtu angeweza kusema tatizo ni bamba, kwamba njia mpya zingeshinda. Edinburgh walijaribu hilo na kuchapisha mwaka 2018: wagonjwa 60, safari hii kwa kamba za kisasa zinazopitishwa kwenye tundu la mfupa na kukazwa kwa vifungo vya chuma. Mwaka mmoja baadaye, hakuna tofauti ya utendaji wa mkono. Mtandao wa Cochrane ulipojumlisha majaribio sita mwaka 2019 ulifika palepale: baada ya mwaka mmoja upasuaji hauongezi uwezo wa bega wala hauharakishi kurudi kwenye shughuli, ingawa majaribio yenyewe yalikuwa madogo na mengi yana kasoro za kiufundi.

Kwa nini mwili unavumilia kamba kukatika? Kwa sababu kombe la bega halining'inii kwenye kano peke yake. Misuli ya trapezi, ya deltoidi, na ile inayolibana kombe kwenye mbavu inaweza kufunzwa kubeba kazi hiyo. Kovu nene pia hujijenga pale kano zilipokatika. Nundu inabaki, wakati mwingine maisha yote, huku bega likiinua ndoo, likipiga nyundo na kudaka mpira.

Hata hivyo wastani wa watu 60 si habari ya mtu mmoja, na hapa ndipo naona mjadala mzito ulipo. Katika jaribio la Edinburgh, 31 hawakupasuliwa mwanzoni, na 5 kati yao waliomba upasuaji baadaye kwa sababu bega lilikataa. Kama tungeweza kuwatambua hao watano siku ya kwanza, tungewapasua mapema na kuwaacha wengine. Hatuwezi kwa uhakika, na saa nayo inatembea: ndani ya wiki kama tatu za mwanzo ncha za kano bado zinaweza kuungana zenyewe zikishikiliwa karibu. Baada ya hapo zimesinyaa, na daktari atalazimika kuchukua kano ya msuli mahali pengine, mara nyingi nyuma ya goti, aijenge upya kamba. Operesheni hiyo ni kubwa zaidi.

Mwaka 2014 wataalamu wa chama cha kimataifa cha upasuaji wa viungo, kiitwacho ISAKOS, walipendekeza namna ya kuishi na tatizo hili. Waligawa daraja la tatu mara mbili: bega tulivu na bega lisilotulia. Uamuzi haufanywi siku ya ajali; mgonjwa huanzishiwa tiba bila kisu na kupimwa tena kati ya wiki ya tatu na ya sita. Anayeendelea kuumia, asiye na nguvu, ambaye kombe lake halitembei vizuri, na ambaye picha inaonyesha akromio ikiingia chini ya mtulinga anapovusha mkono mbele ya kifua, huyo ndiye wa kujadiliwa upasuaji. Mimi naona ni busara, hata kama inamaanisha wachache watapita dirisha la wiki tatu. Kumpasua kila mmoja kwa ajili ya wachache ni kuwabebesha wengi hatari wasiyohitaji.

Tumfuate fundi wetu kwenye wiki zake. Siku kumi za kwanza amevaa slingi mchana na kulala ameegemea mito, kwa sababu kulalia ubavu huo hakuwezekani. Vidole, kiganja na kiwiko anavikunja na kuvinyoosha kila siku ili visigande. Mara maumivu yanapotulia, anainama, anaachia mkono uning'inie na kuuchezesha taratibu mbele na nyuma. Wiki ya pili anaanza zoezi ambalo wagonjwa hulidharau kwa sababu halitoi jasho: kuyavuta makombe ya mabega nyuma na chini, kuyashikilia kwa sekunde tano, kuyaachia. Hilo ndilo linalofundisha misuli kubeba mzigo ambao kamba haziubebi tena. Anakatazwa kuinua kitu kizito kwa wiki sita, pia kusukuma kwa nguvu na kuvusha mkono kuelekea bega la pili.

Wiki ya tatu anarudi kliniki. Mtaalamu wa fiziotherapia anasimama nyuma yake na kumwambia ainue mikono yote miwili taratibu, kisha aishushe. Anachokitazama ni ukingo wa ndani wa kombe. Kombe zima huteleza likiwa limelala mbavuni. Lenye matatizo hutokeza kama bawa, au huruka ghafla mkono unaposhuka. Kombe la fundi linatokeza kidogo, na mkono unapanda hadi usawa wa bega tu. Wasiwasi ni halali, lakini kwa mtu aliyefanya mazoezi wiki moja ni mapema kuhukumu. Anaongezewa mpira wa kuvuta, na zoezi la kusukuma ukuta.

Wiki ya sita mkono unapita juu ya kichwa na kombe limetulia. Kinachobaki ni uchovu: akishika mashine ya kutoboa juu ya dari zaidi ya dakika chache, misuli kati ya shingo na bega inawaka. Hiyo ndiyo lalamiko ya kawaida ya daraja la tatu, na kwa fundi umeme ina uzito kuliko kwa karani. Anarudi kazini kwa nyaya za ukutani, dari anamwachia msaidizi. Golini harudi mpaka mwezi wa tatu, na kigezo si kalenda peke yake: awe haumii anapobonyezwa kwenye kiungo, mkono upande kote, na nguvu ikaribie ya upande wa pili. Angebaki na maumivu, kombe likiendelea kuruka mwezi wa tatu, daktari angekuwa na sababu ya kweli ya kumweka mezani, na fundi angekwenda akijua kwamba njia ya kwanza amejaribu ipasavyo.

Wapo wanaosema mtu wa kazi za juu ya kichwa au mrushaji wa mkuki apasuliwe mapema bila kungoja. Hoja hiyo ina mantiki, ila majaribio hayajaithibitisha, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi. Kuhusu daraja la tano madaktari wengi bado wanapasua, hasa nundu isipopotea mabega yanapopandishwa. Siwalaumu, lakini hata hapo jaribio la Kanada linawataka wazungumze na mgonjwa kwa unyenyekevu.

Naye anayekubali kisu ajue anakubali nini. Bamba lenye ndoano lina operesheni mbili ndani yake, kwa sababu lazima litolewe baada ya miezi michache; likiachwa, ndoano huikwangua akromio kutoka chini mpaka inaweza kuitoboa. Kamba za vifungo hazihitaji kutolewa, lakini tundu linalotobolewa kwenye korakoidi linaweza kuivunja, na kamba huweza kulegea hivyo nundu ikarudi pamoja na kovu juu yake. Njia yoyote ina hatari ya maambukizi, na slingi ya wiki nne hadi sita baadaye, ndefu kuliko ya asiyepasuliwa. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, wiki hizo ni kodi ya nyumba. Njia moja ikataliwe kabisa: waya laini wa chuma unaochomwa kupitia kiungo. Ni rahisi na ni ya haraka, ila waya hizo hukatika au kusafiri, na madaktari wameziripoti zikiwa zimefika kwenye pafu na karibu na moyo.

Miaka ikipita, baadhi ya mabega haya, yaliyopasuliwa na yasiyopasuliwa, huanza kuuma kwa sababu kiungo kimesagika. Maumivu hukaa juu kabisa ya bega na huchomwa na kulala ubavu au kushika mkanda wa gari upande wa pili. Kwa aliyekuwa daraja la kwanza au la pili kuna operesheni ndogo ya kukata milimita chache, chini ya kumi, za ncha ya mtulinga ili mifupa isisuguane, na huwasaidia wengi. Mtu mwenye historia ya daraja la tatu au la tano asikubali ukataji huo peke yake. Mtulinga wake hauna kamba. Ukifupishwa bila kamba kujengwa upya utazidi kuyumba, na maumivu yaliyompeleka hospitali yatamfuata nyumbani. Ndiyo maana picha ya kwanza ya ajali, hata ya miaka kumi iliyopita, inafaa kutunzwa na kubebwa siku ya kliniki.